Flati asilimia 2 au ya kupungua asilimia 3? Jinsi ya kujua mkopo upi ghali kwa mwaka

Mamdogo wangu yuko Makorora hapa Tanga, anauza samaki wa baridi na barafu. Mwezi ule alitaka milioni 3 anunue friza mbili kubwa na mzigo wa kuanzia, akarudi nyumbani na karatasi mbili za taasisi mbili tofauti, akaniwekea mezani. Ya kwanza imeandikwa riba asilimia 2 kwa mwezi, ya pili asilimia 3 kwa mwezi, zote miezi 12. Akaniambia, "Mwanangu, miye sijasoma sana lakini mbili na tatu nazijua, ipi ndogo. Weye nisaidie kujaza fomu tu."

Nikamwambia mamdogo ngoja kwanza. Kwenye ile ya asilimia 2 pembeni kulikuwa na neno dogo "flat", na ile ya asilimia 3 imeandikwa "reducing balance". Hayo maneno ndo kila kitu, ile namba kubwa iliyokolezwa wino haina maana mpaka ujue imepigwa juu ya nini. Tukakaa na simu yake tukapiga hesabu mpaka chai ikapoa, na mshindi akabadilika mara tatu kabla hatujamaliza, kwa hiyo nawaandikia yote jinsi tulivyoenda. We badilisha namba zako tu.

Kwanza ujue riba inapigwa juu ya nini

Flati maana yake riba inahesabiwa juu ya pesa yote uliyokopa mwanzoni, mwezi wa kwanza mpaka wa mwisho, hata kama deni umeshalipunguza. Milioni 3 mara asilimia 2 ni 60,000 kwa mwezi, mara miezi 12 ni 720,000. Jumla 3,720,000, gawa kwa 12, rejesho ni 310,000 kila mwezi.

Ridyusing, au riba ya salio linalopungua, inahesabiwa juu ya deni lililobaki tu. Mwezi wa kwanza unadaiwa milioni 3 nzima kwa hiyo asilimia 3 yake ni 90,000. Rejesho la mamdogo kwenye karatasi ya pili lilikuwa 301,386, ukitoa ile 90,000 ya riba inabaki 211,386 inayoingia kupunguza deni, salio linakuwa 2,788,614. Mwezi wa pili asilimia 3 inapigwa juu ya hiyo 2,788,614, riba inashuka kuwa 83,658, na mwezi wa tatu ni 77,127, hivyo hivyo mpaka mwezi wa 12 riba ni kama 8,800 tu.

Sasa rudi kwenye flati uangalie mwezi wa 12. Deni lake limebaki 250,000 lakini riba bado ni ile ile 60,000. Yaani mwezi huo unalipia asilimia 24 ya pesa uliyonayo mkononi, kwa mwezi mmoja! Mamdogo alipoona hapo akavua miwani akaifuta akavaa tena.

Afisa mikopo asipokwambia ni aina gani, omba jedwali la marejesho kabla hujasaini chochote, kisha angalia safu ya riba. Ikiwa namba ni moja kuanzia juu mpaka chini hiyo ni flati, ikiwa inashuka ni ya kupungua. Kama hawana jedwali wamekutajia rejesho tu, zidisha rejesho kwa idadi ya miezi, toa ulichokopa, gawa kwa ulichokopa, gawa tena kwa miezi. Ukipata asilimia ile ile waliyokutajia, ujue ni flati. Kwa karatasi ya kwanza ilitoka 2 kamili. Kwa karatasi ya pili ilitoka 1.71, yaani ile "asilimia 3" ukiitafsiri kwa lugha ya flati ni ndogo kuliko 2. Hapo mshindi wa kwanza ameshaanguka: riba ya karatasi ya kwanza ni 720,000, ya pili ni 616,632.

Kuigeuza flati iwe asilimia ya kweli kwa kikokotoo cha simu

Kulinganisha riba kwa shilingi peke yake haitoshi, nitaonyesha huko mbele kwa nini. Unachotaka ni asilimia moja ambayo ukiipiga juu ya salio linalopungua, marejesho yako yanamaliza deni mwezi wa mwisho bila kubaki wala kuzidi. Hiyo ndo bei ya kweli ya mkopo wowote, uwe flati uwe vyovyote.

Unaitafuta kwa kubahatisha, usicheke, ndivyo hata kompyuta inavyofanya. Bahatisha asilimia ya mwezi, tuseme 3.5. Andika deni, zidisha kwa 1.035, toa rejesho. Jibu lililotoka lizidishe tena kwa 1.035, toa tena rejesho. Rudia mara 12. Kwa karatasi ya flati inaenda hivi: 3,000,000 mara 1.035 ni 3,105,000, toa 310,000 inabaki 2,795,000. Hiyo mara 1.035 ni 2,892,825, toa 310,000 inabaki 2,582,825. Endelea hivyo hivyo, mwezi wa 12 inabaki kama 6,600.

Ikibaki pesa mwishoni maana yake asilimia uliyobahatisha ni kubwa kidogo, ipunguze. Ikienda chini ya sifuri ni ndogo, iongeze. Hapa 6,600 kwenye mkopo wa milioni 3 ni karibu na sifuri kabisa kwa hiyo jibu liko chini kidogo tu ya 3.5. Ukibana zaidi unapata 3.475. Mara 12 ni asilimia 41.7 kwa mwaka. Tangazo linasema 2 kwa mwezi yaani 24 kwa mwaka, ukweli ni karibu 42, na ile iliyosema 3 kwa mwezi ni 36 kweli.

Kosa nililofanya mara ya kwanza ni kuruka mwezi mmoja maana mamdogo alikuwa ananiuliza habari za bei ya friza huku nabonyeza, nikapata salio la laki tatu na ushee nikadhani nimegundua wizi. Kwa hiyo andika kila mwezi kwenye daftari, usitegemee kichwa.

Kama una haraka uko kwenye foleni pale ofisini kwao, kwa mkopo wa miezi 12 unaolipwa kila mwezi chukua asilimia ya flati ya mwaka zidisha kwa 1.75. Asilimia 24 mara 1.75 ni 42, umefika. Ni ya makadirio, flati ikiwa kubwa sana inazidisha kidogo na ikiwa ndogo inapunja kidogo, na haihesabu ada yoyote. Itumie kukataa ofa mbovu haraka, usiitumie kuchagua kati ya mbili zilizokaribiana.

Mwenye laptop au simu yenye Excel au Google Sheets mambo ni mepesi, unaandika idadi ya marejesho, rejesho lenyewe likiwa na alama ya kutoa, halafu pesa uliyopokea:

```
=RATE(12,-310000,3000000)
```

Inakupa 3.475% (kama inaonyesha 3% tu ongeza desimali). Ukisahau ile alama ya kutoa itakuletea neno la kosa, hapo usihangaike, weka alama.

Sasa ongeza ada, hapa ndo watu wengi tunapigwa

Karatasi ya pili, ile ya asilimia 3, nyuma yake kulikuwa na ada ya kushughulikia mkopo asilimia 3 na bima ya mkopo asilimia 1. Jumla 120,000, na inakatwa siku ile ile ya kupokea pesa. Kwa hiyo mamdogo angesaini deni la milioni 3 lakini aondoke na 2,880,000, na rejesho libaki 301,386 kama kawaida.

Kanuni yangu ni moja, usianze hesabu na pesa iliyoandikwa kwenye mkataba, anza na pesa inayoingia mfukoni kwako. Rejesho usiliguse. Kwa hiyo pale ulipoandika 3,000,000 unaandika 2,880,000:

```
=RATE(12,-301386,2880000)
```

Jibu 3.69 kwa mwezi, mara 12 ni asilimia 44.3 kwa mwaka. Umeona? Ile ya 36 imepanda mpaka 44 kwa laki moja na ishirini tu, na sasa imeipita flati yenye 41.7. Mamdogo akasema "haya basi turudi kwenye ile ya kwanza", akashika kalamu kabisa.

Ada ya mwanzoni inauma hivyo kwa sababu unailipa siku ya kwanza lakini mkopo wenyewe ni mfupi, na deni linapungua kila mwezi. Kwa wastani mwaka mzima hukukaa na milioni 3, ulikaa na kama nusu yake na zaidi kidogo. Ndo maana asilimia 4 ya ada ikaongeza asilimia 8 kwenye bei ya mwaka. Mkopo wa miezi 6 wenye ada hiyo hiyo ungeumia zaidi.

Akiba ya lazima, gharama isiyoitwa gharama

Nikamwambia mamdogo weka kalamu chini, tusome nyuma ya karatasi ya kwanza pia. Hakuna ada hata shilingi, ila kuna mstari unasema mkopaji ataweka akiba ya dhamana asilimia 10, atarudishiwa akimaliza mkopo. Hiyo akiba haina riba. Asilimia 10 ya milioni 3 ni 300,000, wanaikata kwenye mkopo wenyewe.

Afisa atakwambia hiyo siyo gharama, ni pesa yako. Ni kweli ni pesa yako, lakini unailipia riba asilimia 2 flati kila mwezi wakati imekaa kwao! Unakopa milioni 3, unaondoka na 2,700,000, riba unalipa ya milioni 3. Na hata kama akiba unaitoa mfukoni kwako badala ya kukatwa, hesabu ni ile ile, maana siku hiyo umepokea milioni 3 ukatoa laki 3.

Kwenye kikokotoo unaanza na 2,700,000, unatoa 310,000 kila mwezi kwa miezi 11, halafu mwezi wa 12 unatoa 10,000 tu, kwa sababu unalipa 310,000 huku laki 3 yako inarudi. Kwenye Excel ile akiba inakaa mwisho kabisa, bila alama ya kutoa kwa sababu ni pesa inayokuja kwako:

```
=RATE(12,-310000,2700000,300000)
```

Inatoka 4.15 kwa mwezi, mara 12 ni 49.8. Kwa hiyo baada ya yote ni karibu asilimia 50 kwa ile ya "asilimia 2", na 44.3 kwa ile ya "asilimia 3".

Mamdogo hakukubali kirahisi na alikuwa na hoja. Akasema, "Lakini kwa hii ya kwanza natoa 720,000, ya pili natoa 616,632 na ile 120,000 ya ada, jumla 736,632. Hii ya kwanza bado inaniachia elfu kumi na sita, weye unanichanganya na asilimia zako." Na shilingi zake ziko sahihi kabisa, ndo maana nilisema mwanzo kulinganisha shilingi peke yake haitoshi. Hesabu yake inasahau kwamba mikopo hiyo miwili haimpi pesa sawa. Kwa ule wa pili anaondoka na 2,880,000, kwa ule wa kwanza na 2,700,000.

Kumuonyesha nikasawazisha. Ili aondoke na 2,880,000 kwenye taasisi ya kwanza inabidi akope 3,200,000, maana asilimia 10 yake ni 320,000 ikikatwa inabaki 2,880,000 kamili. Riba flati ya 3,200,000 ni 768,000, na rejesho linapanda kuwa 330,667 kwa mwezi. Sasa pesa mkononi ni sawa kwa zote mbili, gharama ni 768,000 kwa 736,632, na rejesho la mwezi limezidi kwa elfu 29 na ushee (ndani yake kuna ile akiba anayojirudishia mwisho wa mwaka). Hapo akaelewa bila asilimia yoyote. Kwa kweli nadhani hii njia ya kusawazisha pesa ya mkononi ndo nzuri kumwelezea mtu asiyependa hesabu.

Swali la kuuliza kabla ya kusaini: nikimaliza mapema?

Hili nalijua kwa maumivu yangu. Mwaka fulani nilichukua mkopo wa flati sehemu moja hapa mjini, sitaitaja, nikapata pesa ya mchezo mwezi wa sita nikaenda kwa furaha kumaliza deni. Wakanipigia salio pamoja na riba yote ya miezi iliyobaki. Nikalipa riba ya pesa ambayo sikukaa nayo, na mkataba ulikuwa unaruhusu, nilisaini mwenyewe bila kusoma.

Kwa mamdogo ingekuwa hivi. Flati isiyopunguza riba, akimaliza baada ya marejesho 6 anadaiwa mtaji 1,500,000 na riba iliyobaki 360,000, kwa hiyo gharama yake inabaki 720,000 ile ile ingawa amekaa na pesa nusu mwaka. Ile ya kupungua, baada ya marejesho 6 salio ni kama 1,632,700, analipa hilo basi. Riba yote aliyotoa ni kama 441,000, jumlisha ada 120,000 inakuwa 561,000. Tofauti ni karibu laki moja na elfu 60. Na biashara ya samaki ikinoga mtu anaweza kweli kumaliza mapema, siyo ndoto.

Ila usidhani kila ridyusing iko hivyo. Zipo zenye faini ya kumaliza mapema, na zipo flati zinazokusamehe riba iliyobaki. Uliza, na jibu liwe kwenye maandishi, siyo "usijali dada tutaangalia".

Vitu vitakavyokuharibia hesabu

Ulinganisho huu unasimama kama muda na mpangilio wa kulipa unafanana. Mikopo mingi ya vikundi inalipwa kila wiki, hapo idadi ya marejesho inakuwa ya wiki, jibu linalotoka ni la wiki na unazidisha kwa 52 siyo 12. Kulipa kila wiki kunaipandisha zaidi flati kwa sababu deni linapungua haraka wakati riba imesimama pale pale. Pia angalia rejesho la kwanza linaanza lini, nimeona watu wanapewa pesa tarehe 20 rejesho la kwanza tarehe 1, siku kumi na moja hivi tu unalipa kama umekaa mwezi.

Na ukizidisha mwezi mara 12 kama tulivyofanya fanya hivyo kwa ofa zote. Wengine wanapiga riba juu ya riba, kwa njia hiyo 3.475 ya mwezi inakuwa karibu 51 kwa mwaka badala ya 41.7. Zote mbili zinatumika, ila usichukue moja ya njia hii ukailinganisha na nyingine ya njia ile.

Mamdogo alirudi kwa wale wa asilimia 3 na daftari mkononi. Kabla ya chochote akamuuliza afisa, "Nikimaliza mwezi wa sita nalipa nini?" Yule kijana akajibu salio tu, mamdogo akamwambia basi liandike hapa, akaandika kwa kalamu pembeni ya mkataba, akagonga muhuri. Ada ya asilimia 3 akaombea ipungue ikagoma. Jedwali la marejesho amelibandika kwa gundi ya karatasi kwenye mlango wa friza ya kwanza, kila akilipa anakata mstari kwa kalamu nyekundu, na maji ya barafu yameshaanza kufuta mwezi wa pili.